Kutuhamishia akaunti binafsi katikati ya utumishi ni kutupunja

Mtumishi_Mkongwe: Ndugu zangu, nimesoma waraka wa kututoa watumishi wa umma kwenye pensheni ya mshahara wa mwisho na kutupeleka kwenye akaunti binafsi, na kilichonichefua ni kifungu kifupi kinachosema miaka tuliyokwisha kuitumikia itahesabiwa kwa mshahara wa leo. Mchukueni mtumishi mwenye miaka 15 kazini, aliyebakiza 20 kustaafu, ambaye mpango wa zamani humpa moja ya sitini ya mshahara wa mwisho kwa kila mwaka wa utumishi. Miaka hiyo 15 ni robo ya mshahara. Mshahara wake wa mwaka ukiwa 100 leo na ukapanda asilimia 5 kila mwaka, atastaafu akiwa na takriban 265, na robo yake ni 66. Kwa waraka huu, robo inapigwa juu ya 100, yaani 25. Hiyo 41 ya kila mwaka hadi kufa kwake anaichukua nani, wakati miaka 20 inayokuja hatujaigusa? India iliwaingiza kwenye akaunti walioajiriwa kuanzia 1 Januari 2004 tu, na wanajeshi ikawaacha nje kabisa. Sisi tunaburuzwa kwa kosa gani?

Kijana_wa_Masjala: Mkubwa, unawatetea wa rika lako. Mimi nina miaka michache kazini na sitarajii kuzeekea serikalini. Kwa mpango wa zamani, nikiacha kazi mapema naondoka mikono mitupu, ilhali akaunti ni yangu popote niendako. Serikali nayo itapumua, kwa kuwa mzigo wa pensheni utakuwa umeisha.

Mhasibu_Mstaafu: La akaunti uko sahihi, na ni kasoro ya kweli ya mfumo wa zamani. La serikali kupumua, si kwa miaka mingi, maana sisi tuliostaafu tunaendelea kulipwa na hazina ileile ambayo sasa inadaiwa pia michango yenu ya kila mwezi. Ikibanwa, huchelewesha michango. Linganisheni hati ya mshahara na taarifa ya akaunti: mkikuta makato ya mwezi fulani yameingia baada ya miezi kadhaa, faida ya muda huo imewapita. Mleta uzi naye aulize kama ile 25 itaachwa ilivyo au itapandishwa kila mwaka, kwa sababu ikipandishwa asilimia 5 inafika 66 ileile.

Mama_Wawili: Samahani, mimi ni mjane wa mtumishi. Je, pensheni ninayopokea nayo itahamishiwa akaunti?

Mtumishi_Mkongwe: Pole, dada. Waraka unawataja walio kazini pekee. Mzee mhasibu, nimekirudia kifungu, hakisemi lolote kuhusu kuipandisha. Nimemwandikia ofisa utumishi nikitaka kiwango kiandikwe wazi, sijajibiwa, na fomu ya ridhaa sijaisaini.

Kijana_wa_Masjala: Yangu nimeshairudisha. Na usiposaini, watakuacha ulipo au watakuhamisha hivyo hivyo?