Malipo ya mwezi wa kalenda au ya tarehe ya kujiunga: mteja wa tarehe 31 tumweke wapi?

IntanetiTabata
Habari za leo, ndugu zangu. Ninasambaza intaneti ya majumbani Tabata na Segerea, kifurushi kimoja cha Sh. 31,000 kwa mwezi, na kila mteja hulipa katika tarehe aliyofungiwa huduma. Mhasibu wangu anataka wote wahamie tarehe 1. Kinachonitatiza ni mteja aliyeanza tarehe 31 Januari: Februari ankara yake ilitoka tarehe 28, na tangu hapo hutoka tarehe 28 kila mwezi, ilhali mshahara wake huingia tarehe 30. Ni njia ipi yenye unafuu?

MamaDaftari
Ninaungana na mhasibu wako. Fedha aliyolipa mteja tarehe 20 Januari imegusa miezi miwili, na unapofunga hesabu za Januari inakubidi uigawe, mteja mmoja baada ya mwingine. Kwa mwezi wa kalenda kazi hiyo hubaki kwa wageni peke yao. Hata hivyo, mgeni wa tarehe 31 ana kero yake huku pia: atadaiwa Sh. 1,000 ya siku moja, na kesho yake Sh. 31,000 kamili, naye akiona jumbe mbili zimefuatana ataamini kwamba ametozwa mara mbili. Mimi huwaunganishia wote wanaoingia baada ya tarehe 25, yaani siku zilizobaki na mwezi unaofuata huingia katika ankara moja, na maelezo ya kila kiasi huandikwa wazi.

Siku30Tu
Mnajipa kazi bure. Hesabu siku 30 kama vifurushi vya simu, na tarehe 31 haitakusumbua tena.

MpangajiKimara
Naomba kuuliza hapa hapa. Niliingia kwenye nyumba tarehe 31 Agosti kwa kodi ya miezi sita, na mwenye nyumba anasema muda unakwisha tarehe 28 Februari. Je, ninapunjwa siku tatu?

FundiHifadhidata
Ndugu Mpangaji, jambo lako litaamuliwa na maneno ya mkataba wako, kwa hiyo usome kwanza kifungu cha muda.

Siku 30 zinafaa pale mteja anapolipa kabla na huduma kukatika yenyewe. Kwa ankara za kila mwezi, aliyeanza tarehe 31 Januari 2026 atadaiwa tena tarehe 2 Machi, 1 Aprili, 1 Mei, kisha 31 Mei. Februari hana ankara, Mei anazo mbili.

Ndugu wa Tabata, kosa lako haliko katika kuchagua tarehe ya kujiunga, bali katika mahali mfumo unapoanzia kuhesabu. Inaelekea huchukua tarehe ya ankara iliyopita na kuiongezea mwezi mmoja. Februari ikishaishusha 31 kuwa 28, mfumo umekwisha kuisahau 31, na Machi huhesabu kutoka 28. Siku tatu zile mteja hakurudishiwa. Dawa yake ni kutunza tarehe ya kwanza bila kuigusa, na kila ankara ihesabiwe kutoka hapo:

```sql
SELECT DATE '2026-01-31' + 1 * INTERVAL '1 month'; -- 2026-02-28 00:00:00
SELECT DATE '2026-01-31' + 2 * INTERVAL '1 month'; -- 2026-03-31 00:00:00
```

Hii ni PostgreSQL. Katika PHP, `+1 month` juu ya 31 Januari 2026 hukupeleka 3 Machi, na Februari yote inapita bila ankara. Ili kujua ukubwa wa tatizo, hesabu wateja wako kwa siku ya ankara: wakiwa wamerundikana tarehe 28 wakati karibu hakuna aliye na tarehe 29, 30 au 31, basi wameteleza.

Angalia pia saa ya seva. Ikiwa inatumia UTC, mteja aliyejisajili saa saba na nusu usiku wa tarehe 1 Februari hapa Dar es Salaam ataandikwa 31 Januari, kwa kuwa tumeitangulia kwa saa tatu.

IntanetiTabata
Nimeangalia, na kweli wamerundikana tarehe 28. Nitabaki na tarehe ya kujiunga na kurekebisha hesabu. Je, wale walioteleza niwaongezee siku tatu?

FundiHifadhidata
Wa tarehe 31 waongezee tatu, wa 30 mbili, wa 29 moja, kisha uwarudishe katika tarehe zao za mwanzo.

MamaDaftari
Ongeza siku, lakini usitoe ankara mpya juu ya ile iliyokwisha kulipwa. Na yule aliyejiunga tarehe 28 Februari yenyewe utamfanyaje, kaka? Mfumo utambakiza 28, ilhali yeye huenda aliahidiwa kulipa mwisho wa mwezi.

FundiHifadhidata
Hilo tarehe peke yake haiwezi kulijibu, dada. Aulizwe siku anapojiunga, na jibu lake litunzwe katika safu yake.