Naombeni ushauri: niandike nini chini ya picha ya huyu paka niliyemleta leo?

Mwanaidi_T (saa 2:05 usiku)

Habari za jioni wadau. Swali langu linaweza kuonekana dogo, lakini limenikalia kooni tangu magharibi.

Leo nimetoka kazini mvua imekatika, mitaro yote ya Ngamiani imejaa. Nikasikia mlio mwembamba, nikadhani ni mtoto mchanga. Kufuata sauti nikakuta mtoto wa paka kasimama juu ya kipande cha boksi kilichonasa kwenye nondo mtaroni, maji yamemfika tumboni. Rangi ya majivu, kifua cheupe. Nilimtoa, nikakaa naye barazani kwa watu karibu dakika 40 nione kama mama yake atakuja. Hakuja. Nikamfunga kwenye mtandio wangu tukapanda bodaboda. Njia nzima alikuwa kimya, na mimi kila baada ya muda naingiza kidole nione kama bado anapumua.

Sasa yupo kwenye boksi la sabuni kando ya kitanda. Nimempiga picha moja tu, sikio moja na mguu mmoja vimechomoza kwenye mtandio. Nataka kuiweka Instagramu waione wenzangu wa Tanga na dada yangu aliyeko Maskati. Nimeandika na kufuta mara sita. Nilipofikia ni hapa:

"Karibu nyumbani mwanangu. Nimekuokoa, sasa uko salama milele."

Lakini kuna kitu kinanikwaza. Miaka miwili iliyopita nilileta kijibwa, nikaandika maneno yanayokaribiana na haya. Siku ya tano akafa kwa kuhara damu. Mwezi mzima watu wakawa wanakuja chini ya picha ile kuniuliza "mtoto hajambo?" Nataka maneno ya upole, yenye furaha yangu, lakini yasiyoificha hofu. Nisaidieni.

Kijana_wa_Korogwe

Dada, hongera. Andika fupi: "Karibu nyumbani." Basi. Pale inaonekana mistari ya mwanzo tu, mengine mpaka mtu abonyeze, na wengi hawabonyezi. Halafu mchemshie maziwa ya ng'ombe, anywe ashibe, kesho utamwona anarukaruka.

Bi_Salma_Pwani

Mwanangu Mwanaidi, maneno tutayapata, ila kwanza hayo maziwa ya ng'ombe usimpe. Mtoto wa paka yanamharisha, na kwa umbo lile kuhara usiku mmoja kunatosha kumkausha. Nimelea watoto wa paka waliookotwa kwa miaka mingi, hili nimeliona kwa macho yangu.

Nijibu manne. Macho yake rangi gani? Meno yapo? Anatembea? Na ukimgusa fizi kwa kidole, ni za moto au za baridi? Kama ni za baridi usimpe chochote kinywani. Paka aliyepoa tumbo lake halisagi. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, izungushie kitambaa, ilaze upande mmoja wa boksi tu, ili akizidiwa na joto asogee. Mkaushe, usimwogeshe. Na je, alikukwaruza wakati unamtoa?

Mzee_wa_Stoo

Huyo paka unatoa bure au kwa bei? Mimi nina stoo ya mahindi Muheza, panya wamenizidi. Kama ni jike nitafurahi zaidi.

Mwanaidi_T

Mzee wangu shikamoo, simtoi. Naomba maneno ya kuandika kwenye picha tu.

Bi Salma shikamoo. Macho ni ya buluu. Meno yapo, madogo kama punje za mchele zilizovunjika, na yale ya pembeni yenye ncha ndiyo yanachomoza. Anatembea anayumba. Nimemweka kwenye mizani ya jikoni, gramu 380. Fizi zilikuwa baridi tulipofika, sasa hivi zina joto. Amenikwaruza mkononi, damu ilitoka kidogo.

Bi_Salma_Pwani

Marahaba mwanangu. Mkono kwanza. Simama bombani, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, na kesho asubuhi nenda hospitali uwaambie ni mnyama wa mtaani usiyemjua historia yake. Usilale na hilo. Kichaa si cha mbwa peke yao.

Yeye anakaribia wiki nne, mwepesi kidogo lakini si vibaya. Umri huo anaweza kulamba. Chemsha kipande cha samaki bila chumvi wala kitunguu, toa miba yote, kiponde na supu yake mpaka kiwe uji. Kijiko cha chai kimoja au viwili, kisha tena baada ya saa nne. Ale amesimama kwa miguu yake au amelalia tumbo. Usimpakate chali kama mtoto wa binadamu, chakula kitaingia mapafuni. Samaki huyo ni wa kuvukia usiku tu. Kesho tafuta maziwa ya unga ya watoto wa paka au chakula chao cha kopo, na umpeleke kwa daktari wa mifugo. Ukiona viroboto usimpake dawa ya mbwa, ipo inayoua paka.

Na kila asubuhi mpime kwenye mizani ile ile. Uzito ukipanda, hata kwa gramu chache, pumua. Ukisimama siku nzima au ukishuka, usingoje.

Mwl_Hamisi

Bi Salma ameshika ya tumbo, mimi niguse ya maneno. Nimefundisha Kiswahili muda mrefu, na sentensi yako nimeisoma mara mbili.

Kinachokukwaza kipo kwenye "nimekuokoa" na "milele". Kuokoa kunakuweka wewe mbele ya picha, na kunasema kazi imekwisha. Haijaisha, paka hana hata saa tano kwako. Ongeza herufi moja tu: badala ya kuokoa, kuokota. "Nimemwokota." Anayeokota huinama. Hajadai kwamba ameshinda chochote. Na "milele" ni ahadi uliyokwisha kuitoa kwa yule kijibwa, ndiyo maana mkono wako unaikataa.

Hofu yako nayo huna haja ya kuitangaza. Kiswahili kina mahali pa kuiweka. Linganisha "sikumpa jina" na "sijampa jina". La kwanza limefunga mlango. La pili limeuacha wazi, kwamba jina linangojwa, na aliyezaliwa na lugha hii analisikia hilo bila kuelezwa. Ile "-ja-" imebeba tumaini na wasiwasi wako kwa pamoja. Vivyo hivyo "amelala": inasema alivyo sasa hivi, haisemi kesho ataamkaje.

Pwani_Mpya_Msa

Mimi niko Mombasa. Nilipoleta kijibwa changu sikuandika kitu mpaka siku ya kumi. Nilimwona mwenzangu yamemfika kama yako, nikaogopa. Ningekuwa wewe ningeiweka picha simuni tu, ningoje.

Lakini nikwambie ukweli, siku ya kumi nilikuwa nishasahau. Nilikumbuka kwamba aliingia chini ya kabati, lakini ile sauti aliyotoa usiku wa kwanza, nilishindwa kabisa kuiandika. Kwa hivyo sijui. Labda andika leo, uposti baadaye.

Kijana_wa_Korogwe

Kuhusu maziwa nimekosea, kumbe. Nyumbani tuliwapa wote, na kweli wengine walikuwa wanakufa tukasema ni bahati yao. Asante Bi Salma.

Ila kwenye ufupi sirudi nyuma. Kitu cha kwanza atakachosoma mtu kiwe ndicho chenyewe. Ukianza na "Karibu nyumbani", kila mtu ameshaandika hivyo.

Mwl_Hamisi

Hapo nakubaliana nawe kijana, isipokuwa ufupi si kuandika maneno mawili. Ni kuanza na kilichoonekana. Mwanaidi, tuambie, hivi sasa hapo ulipo unaona nini? Usifikiri kapsheni. Sema tu.

Mwanaidi_T (saa 4:20 usiku)

Nimeosha mkono, nimeweka simu ihesabu dakika 15. Amekula vijiko viwili, akapiga chafya, akalala. Kucha yake moja imenasa kwenye uzi wa mtandio, naogopa kuitoa nisimwamshe. Feni nimeizima, joto ni kali lakini ikizunguka simsikii akipumua.

Bi_Salma_Pwani

Mwanangu, umeshaiandika. Hilo la feni ndilo.

Mwl_Hamisi

Kabisa. Weka saa mwanzoni. Ukiandika "saa nne usiku" umesema kweli ambayo haitageuka uongo, hata kesho ije na nini. Atakayeuliza hali yake atajua ulikuwa unasimulia usiku mmoja.

Mwanaidi_T

Nimejaribu hivi:

"Saa nne usiku. Nimemwokota mtaroni, amekula vijiko viwili vya samaki. Sijampa jina. Nimezima feni nimsikie anavyopumua."

Nimwite paka, mtoto wa paka au kipaka? Na nikisema kipaka, kimelala au amelala?

Mwl_Hamisi

Kwa sanifu, kiumbe hai ni "kipaka amelala". Ukisema "kimelala" unamsogeza karibu na vitu, na wengine watasikia dharau.

Bi_Salma_Pwani

Mwalimu, darasani sawa. Kwetu huku mama humwambia mtu "kitoto changu kimelala" na moyo wake wote umo ndani ya ile "ki". Dharau haimo. Inategemea nani anasema na sauti gani.

Mwl_Hamisi

Sauti ndiyo haipo kwenye picha, Bi Salma. Atakayesoma Maskati atajuaje?

Bi_Salma_Pwani

Dada yake atajua. Amezaliwa Tanga.

Pwani_Mpya_Msa

Mimi naona asitaje neno lolote. Picha ina sikio. Kila mtu ataona ni paka.

Mzee_wa_Stoo

Nimesoma uzi wote, kumbe nilielewa vibaya, niwie radhi binti. Nami niongeze moja: usiandike ni mtaro gani wala mtaa gani unaokaa. Mimi nilisema hadharani kwamba nachukua paka. Wiki iliyofuata nikakuta boksi mlangoni lina watoto watano.

Mwanaidi_T (saa 5:10 usiku)

Asante mzee wangu, mtaa sitautaja. "Mtaroni" nimeliacha, mitaro iko kila mahali. Na ya kipaka nimemsikia Pwani, sijataja neno. Nimeshaiweka:

"Saa nne usiku. Nimezima feni nimsikie anavyopumua. Nimemwokota mtaroni jioni, amekula vijiko viwili vya samaki, amelala na kucha yake imenasa kwenye mtandio wangu. Sijampa jina."

Dada kanijibu papo hapo kutoka Maskati. Kaandika "kimelala?" peke yake. Nimelia kidogo.

Bi_Salma_Pwani

Si nilisema. Haya, chupa ya maji imeshapoa hiyo, kaijaze upya. Na saa nane uamke umpe kijiko kingine. Umemwekea mchanga pembeni ya boksi?

Mwanaidi_T

Bado. Naenda kuuchota.