Bodingi pasi ya mama: 03:20 ni saa ngapi, na geti liko wapi?

Mtoto_wa_Mkuranga:
Wakuu, habari za jioni. Mama anaenda Dubai kumwona dada aliyejifungua, na hajawahi kupanda ndege. Dada amenitumia picha ya bodingi pasi mbili kwa WhatsApp. Jina nimelifuta, nimeambatanisha picha. Maandishi ni haya:

```
DAR-ADD 14JUN  GATE --  BOARDING 03:20
DEP 04:05  SEAT 24A  SEQ 087
ADD-DXB 14JUN  GATE --  BOARDING 08:40
DEP 09:30  SEAT 31C  SEQ 142
```

Tarehe 14 ni Jumapili. Mpango wetu ni kutoka nyumbani Jumapili alfajiri, tupitie kwa shangazi Mbagala tunywe chai, saa tatu na dakika ishirini awe ndani. Geti ni hiyo 087?

Kibegi_Chekundu:
Geti ni 24, mkuu, na A ni siti ya dirishani. Saa ni rahisi, toa sita tu: 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi.

Bwana_Ratiba:
Mtoto wa Mkuranga, hiyo chai ya shangazi ifuteni kabisa. Mkienda hivyo mama atafika uwanjani ndege yake ikiwa imeshatua Adisi Ababa.

Saa za tiketi zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane. Kutoa sita kama alivyosema Kibegi kunafaa kuanzia 07:00 hadi 18:00. Chini ya hapo unaongeza sita: 03:20 ni saa tisa na dakika ishirini usiku, na 04:05 ni saa kumi na dakika tano, kabla ya adhana ya alfajiri. Sisi tunasema usiku wa kuamkia Jumapili, ila tiketi imeshageuza tarehe tangu saa sita usiku. Kwa hiyo mama anatoka nyumbani JUMAMOSI jioni. Safari za nje watu huambiwa wafike saa tatu kabla, yaani saa saba usiku awe yupo Jengo la Tatu pale Julius Nyerere.

Geti halijapangwa, ndiyo maana kuna vistari. Ataliona kwenye skrini akishapita ukaguzi, na alitazame tena baada ya muda maana hubadilishwa. 24A ni siti tu: mstari wa 24, dirishani. 31C kwa kawaida ni ya kando ya njia. SEQ 087 ni namba yake katika waliochekini, haimhusu. Na 03:20 ndiyo saa ya kuanza kuingia ndegeni. Mlango hufungwa kabla ya 04:05, asije akakaa mpaka hiyo saa.

Mama_Nasra:
Na mimi niliachwa na treni ya Dodoma kwa mtindo huohuo! Tiketi imeandikwa 06:00, nikafika stesheni saa sita mchana na maandazi yangu ya njiani. Hivi kwenye treni namba ya behewa na ya siti ipi inatangulia?

Bwana_Ratiba:
Pole, dada. Hiyo fungulia uzi wake, tusimchanganye huyu.

Msimbo_Pau:
Ndugu, FUTA HIYO PICHA kwanza. Jina umeziba, lakini ule mraba wa vidoti umeuacha, na ndani yake mna jina lake na zile herufi na namba sita za buking. Simu yoyote yenye programu ya kusoma misimbo inavitoa. Mtu akiwa na ukoo wake na hizo sita anaweza kuifungua safari kwenye tovuti, akahamisha siti au hata kuivuruga.

Mtoto_wa_Mkuranga:
Nimeifuta, asante sana. Huko Adisi je? Saa zao zikoje?

Bwana_Ratiba:
Saa moja na sisi, hakuna kuongeza wala kupunguza. Raha ni kwamba Waethiopia nao mtaani wanahesabu saa kama sisi, ila skrini za uwanja zinafuata za kizungu. 08:40 yake ni saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Dubai ndiyo iko mbele kwa saa moja, na saa ya kufika huandikwa kwa saa za huko.

Kitu kimoja cha kukagua kaunta ya Dar: kikaratasi kinachofungwa kwenye begi kisomeke DXB. Kikisomeka ADD, begi litaishia njiani, aulize palepale kabla halijapita.

Kibegi_Chekundu:
Nimekubali kuhusu 24. Ila achapishe karatasi, asitegemee simu.

Msimbo_Pau:
Simu inatosha, mbona mimi sijawahi kuchapisha.

Kibegi_Chekundu:
Wewe simu yako haizimiki saa nane usiku.

Mtoto_wa_Mkuranga:
Nimempigia mama nikamwambia ni Jumamosi usiku. Ananiuliza, "Na huyo dereva wa ndege analala saa ngapi?"