Naomba ushauri: nizime ile nafasi Windows inayojitengea kwa ajili ya masasisho?

Habari za leo wakuu. Nina duka la steshenari Nyegezi, hapa Mwanza, na laptopu ya kazi ina diski ya GB 64 tu. Imebaki GB 5. Nilipofungua Settings, System, kisha Storage, sehemu ya System & reserved, nikakuta Reserved storage imeshika kama GB 7. Kijana mmoja fundi anasema niizime kwa amri hii, nikiwa msimamizi:

```
DISM /Online /Set-ReservedStorageState /State:Disabled
```

Ninavyoelewa, nafasi hiyo haikai bure. Sasisho likija, mafaili yake hushukia humo, na siku za kawaida Windows huweka humo mafaili ya muda. Ikijaa ndipo inagusa nafasi yangu. Nikiizima napata GB 7 leo, lakini nikizijaza skani za vyeti vya wateja, sasisho kubwa litakosa pa kukaa na kugoma kwa kosa 0x80070070. Hapo bando limeshaliwa, na bando la kushusha sasisho upya linauma kweli.

Nafikiria kuiacha, nihamishie skani za zamani kwenye diski ya nje na kuondoa lugha na vipengele vya ziada nisivyotumia, maana navyo huongeza ukubwa wa akiba hiyo.

Aliyewahi kuizima kwenye diski ndogo kama hii, masasisho yaliendelea kuingia vizuri? Na mnaacha GB ngapi wazi?