Tupeane uzoefu: bosi kijana na mlinzi mzee, nani aanze salamu?

Mwana wa Ngamiani: Nimehamishiwa ofisi moja hapa Tanga mjini, mkuu wa kitengo, nina miaka 31. Mlinzi wa getini ni rika la baba yangu. Kila asubuhi ananiwahi, anainuka kitini: "Shikamoo bosi." Marahaba hainitoki. Najibu "salama mzee wangu" na naingia ndani nimefadhaika. Mliokutana na hili mlifanyaje?

Kijana wa Pongwe: Mdogo ndiye huanza siku zote. Mwamkie wewe, kwisha.

Bibi wa Chumbageni: Siku zote hapana, mwanangu. Kuanza ni jambo moja na kuamkia ni jingine. Vijana wamekaa barazani wanacheza bao, mzee anapita. Anayeanza ni mzee: "Assalaam aleikum." Chuoni tulifundishwa hivyo: aliyepanda amsalimu anayetembea, anayetembea amsalimu aliyekaa, wachache wawasalimu wengi, mdogo amsalimu mkubwa. Vijana wataitikia "Waaleikum salaam", na papo hapo waongeze "Shikamoo mzee". Wakiishia kwenye ile ya kwanza, mzee atapita zake, ila habari zitawafikia wazazi wao kabla ya magharibi.

Sasa wewe wa getini: ndiye unayeingia, ndiye mdogo, na kama una gari ndiye uliyepanda. Huna pa kujificha. Yeye anakuwahi kwa sababu mabosi waliopita walikuwa wakisubiri waamkiwe. Shusha kioo mapema, umwamkie kabla hajainuka.

Mama Watatu: Wangu ana miaka 12, haamkii mgeni mpaka nimfinye. Nifanyeje?

Msimamizi wa Ghala: Mimi nilimwahi mzee wetu, akanivuta pembeni: "Usiniamkie mbele ya wageni, wataona kazi haina mkubwa." Tukaelewana. Asubuhi tukiwa wawili namwamkia, kwenye kikao nasema "habari za asubuhi" kwa wote. Kwa hiyo muulize na yeye anavyotaka.

Mjomba Mdogo: Mpwa wangu ananizidi miaka 6. Kwenye shughuli za ukoo ananiamkia, maana mimi ni ndugu wa mama yake. Tukiwa wawili ni "vipi hali" tu. Kwetu kizazi kinautangulia umri.

Binti wa Raskazone: Na mwanamke akipita baraza ya wanaume? Nyanya alitaka tupite kimya, mama anasema tusalimu kwa kuwa wapo wazee. Nikisema "shikamooni", vijana wa rika langu nao wanaitikia marahaba!

Bibi wa Chumbageni: Sema "shikamooni wazee". Kijana atakayeitikia, wazee wenyewe watamkemea. La kupita kimya, hata mtaani kwetu wengine wanaliona haya na wengine kiburi, na ugomvi wake nimeusikia tangu niko msichana.

Kijana wa Pongwe: Na mkono je, nani autoe?

Bibi wa Chumbageni: Kwa mzee, ngoja autoe yeye. Kwa mwanamke, ngoja autoe mwanamke. Asipoutoa, usiudai.