Watoto wa tamthilia za kutafsiriwa: sauti zao ziigizwe na watu wazima?

Mkaazi wa Tabata
Wakuu, naomba tujadili. Jana usiku nilikuwa naangalia tamthilia ya Kituruki iliyowekwa sauti za Kiswahili. Kuna mtoto wa kiume wa kama miaka saba anamlilia baba yake, lakini sauti ni ya dada mzima aliyebana koo mpaka masikio yanauma. Kwa nini wasichukue watoto wenyewe?

Chifu Kidevu
Ni ubahili tu. Wamarekani kwenye katuni ya Charlie Brown ya Krismasi, mwaka 1965, walichukua watoto kabisa na mpaka leo inapendwa. Sisi dada mmoja anapewa mtoto, mama mkwe na muuguzi kwenye sehemu moja, halafu tunashangaa.

Fundi wa Maiki
Chifu, hiyo ya 1965 ni kweli, lakini usiishie nusu. Kati ya wale watoto kuna aliyekuwa hajui hata kusoma, ikabidi atamkiwe sentensi kidogo kidogo naye arudie. Na iliwezekana kwa sababu sauti zilirekodiwa kwanza, wachoraji wakaja kuchora midomo baadaye. Mtoto akisitasita, mchoro unamfuata.

Kwenye tamthilia ya Kituruki mambo ni kinyume. Mdomo umeshafunguka na kufungwa huko Istanbul, haukusubiri mtu. Mwigizaji ana sekunde mbili za kuingia na kutoka, macho kwenye skrini, sikio moja likisikiliza Kituruki, na wakati huohuo inatakiwa alie. Mtu mzima aliyezoea anaipata kwa mara ya tatu au ya nne. Mtoto wa miaka saba ataipata mara ya ishirini, na kufikia hapo hana tena kilio, ana usingizi.

Tena tamthilia hizi zina sehemu mia na zaidi. Ukimchukua mvulana wa miaka kumi na miwili leo, kabla hujafika mwisho sauti imekuwa nzito. Ndiyo maana Bart Simpson, yule mvulana wa katuni ya Kimarekani, anaigizwa na mwanamke, Nancy Cartwright, tangu 1987. Alikwenda kujaribiwa nafasi ya dada mtu, akaomba asome ya kaka. Bart hajakua, na sauti yake haijavunjika.

Kijana wa Mbezi
Mnajisumbua. Rekodi mtu yeyote, mpandishe sauti kwa kompyuta, kazi imekwisha. Studio za muziki wanafanya kila siku.

Fundi wa Maiki
Wanafanya, na unasikia panya anaimba. Mdogo wangu, sauti ya mtoto wa miaka saba iko kwenye hezi 250 hadi 300 hivi, ya mwanamke mzima karibu 200. Hilo pengo si kubwa kama watu wanavyodhani. Kinachomfanya mtoto asikike mtoto zaidi ni koo na kinywa chake kuwa kifupi. Hewa inazunguka kwenye nafasi ndogo, irabu zinatoka na rangi nyingine. Ukivuta kila kitu juu kwa mashine, inapanda pia namna ya kusema ya mtu mzima: pumzi ndefu, mkazo uliopangwa, sentensi inayomalizika vizuri. Unapata mtu mzima mdogo.

Na wanaobana koo wanafanya kosa hilohilo bila mashine. Wanapanda juu sana, halafu wanasukuma kwa nguvu ili wasikike, mdomo umegusa maiki. Hapo ndipo sauti inachoma. Mimi nikiwa nimekaa kwenye meza humwambia mwigizaji ashushe. Aseme karibu na sauti yake ya kawaida, kwa wepesi, avute midomo kama anatabasamu ili kinywa kifupike, arudi nyuma kidogo na asielekeze mdomo kwenye maiki moja kwa moja. Kisha pumzi. Mtoto hapangi pumzi, inamwishia katikati ya neno, anavuta, anaendelea. Kilio chake kiko kwenye kwikwi, pale anapovuta ndani. Watu wazima wanalia kwa kutoa nje tu, ndiyo maana wanasikika wanapiga mayowe.

Mama Zuhura
Nyie mnaongea kana kwamba watoto hawatumiwi. Binti yangu akiwa na miaka tisa alichukuliwa na studio moja, siitaji. Tuliambiwa saa mbili tu. Tumetoka usiku, mtoto sauti imekauka kwa kupigishwa kelele tangu mwanzo, tukapewa nauli na soda. Wiki nzima anaongea kama ana mafua. Kwa hiyo swali lenu la nani ana sauti nzuri mimi halinihusu. Nataka kujua nani anamlinda mtoto.

Mwanasheria Mtarajiwa
Mama Zuhura, pole sana. Sheria inakataza mtoto kufanya kazi, ungewashitaki. Sheria ya Mtoto ya 2009.

Mama Zuhura
Mwanangu, nimeisoma hiyo sheria. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Wangu alikuwa na tisa, na walisema si kazi, ni "kipaji". Usinitume mahakamani na neno moja.

Fundi wa Maiki
Mama, pole. Kupiga kelele mwanzoni ni uzembe wa mwongozaji. Kelele na vilio huwekwa mwisho wa siku, hata kwa mtu mzima, kwa sababu koo likishachubuka mistari ya upole haitoki tena. Kwa mtoto ndiyo kabisa. Hii ni sababu nyingine ya mimi kutaka watu wazima.

Mtafsiri wa Usiku
Mnawalaumu waigizaji, na sisi tunaoandika je? Nikupeni mfano. Mtoto anamuuliza mama yake baba anarudi lini. Kwenye picha mdomo unacheza kwa sekunde mbili. Nimewahi kuona skripti imeandika: "Mama, je, baba yangu atarejea nyumbani lini?" Hesabu, ni silabi kumi na saba. Dada wa watu azimalize ndani ya sekunde mbili! Anakimbia, koo linakaza, sauti inapanda yenyewe. Halafu Mkaazi anasema masikio yanauma.

Andika "Mama, baba atarudi lini?" Silabi kumi. Anapata nafasi ya kuvuta pumzi baada ya "Mama", na ndani ya pumzi hiyo ndimo mtoto alimo. Isitoshe hakuna mtoto wa miaka saba anayesema "je" na "kurejea" kwa mama yake. Mtu akisoma Kiswahili cha taarifa ya habari kwa sauti ya kitoto, hata awe mtoto kweli, atasikika bandia.

Chifu Kidevu
Hapo nakubali. Lakini kuna kinachoniudhi zaidi, kile kitoto cha kugeuza r kuwa l. "Mama, lafiki yangu ameludi." Mtoto wa miaka saba! Huyo ni wa miaka mitatu au ni Msukuma aliyeshuka kwenye basi leo.

Ng'wana wa Magu
Rudia hapo mwisho.

Chifu Kidevu
Ni utani, ndugu yangu. Sisi ni watani.

Ng'wana wa Magu
Utani una pande mbili, Chifu, na mimi sijakutania. Nimekulia Magu, nimesoma, nafundisha. Mama yangu anasema "kuludi" na amelea watu saba kwa Kiswahili hichohicho. Sasa kila mnapotaka mtu aonekane mtoto, mjinga au mtumishi, mnachukua l yetu mnamvika. Sikilizeni hizo tamthilia zenu. Tajiri wa Istanbul anaongea kama mtangazaji wa redio. Mlinzi wa getini anaongea kama mjomba wangu. Nani aliamua?

Bi Mkubwa wa Unguja
Ng'wana, una haki ya kukasirika. Na sisi huku tunapewa wachawi na masheikh wa uongo. Lafudhi ya pwani ikisikika tu, ujue kuna kombe linaandikwa.

Otieno wa Eastlands
Huku Nairobi tuna DJ Afro, mtu mmoja anasema filamu nzima. Mtoto, nyanya, jambazi, wote ni yeye na sauti yake, na hakuna mtu analalamika. Shida yenu Bongo mnataka ufasaha sana.

Mkaazi wa Tabata
Otieno, hata sisi tulikuwa na Lufufu, Mungu amrehemu. Lakini yule anasimulia. Unajua ni yeye, humtafuti mtoto. Huku mtoto yuko mbele yako analia, mdomo unaonekana. Jamani, turudi kwenye mada.

Ng'wana wa Magu
Mimi niko kwenye mada. Mnasema sauti iwe ya asili. Asili ya nani?

Fundi wa Maiki
Nijibu kwa upande wangu. Kugeuza r kuwa l kwa mtoto wa miaka saba ni kosa la kazi, bila kumtaja mtu wa kabila lolote. Watoto wengi wakifika umri huo wameshaipata r kama wanaowazunguka wanaitamka. Kithembe cha kitoto ni njia ya mkato ya mwigizaji asiyemwamini mhusika. Ukikiondoa, analazimika kutafuta mtoto kwenye mambo mengine: anauliza akitaka jibu kweli, anakatisha maneno ya wakubwa, anasahau alichokuwa anasema.

Nikifanya usaili simpi mtu kilio. Nampa mstari wa kimya, mtoto anaomba maji usiku akiwa na usingizi. Anayebana koo anajulikana hapohapo, kwa sababu huwezi kubana na kunong'ona kwa pamoja. Nasikiliza nimefumba macho. Nikiona mtoto kichwani, tunaendelea. Nikiona dada mwenye kitenge, namshukuru.

Mama Zuhura
Na watoto wadogo kabisa, wa miaka mitatu? Huyo mtu mzima mwenye wepesi anafika?

Fundi wa Maiki
Mara chache, mama. Hapo hata mimi nashindwa kuwatetea watu wazima. Chini ya miaka mitano karibu kila anayejaribu anasikika anacheza. Nimeona ikifaa kumrekodi mtoto nyumbani akiongea na mama yake, maneno machache, dakika kumi, basi. Lakini hapo tunarudi kwenye ulichokisema, nani anakaa naye na nani anamlipa.

Mwanasheria Mtarajiwa
Alipwe mzazi kwa mkataba.

Mama Zuhura
Alipwe mtoto. Mzazi asimamie. Ni vitu viwili.

Chifu Kidevu
Mimi bado nasema watoto wa miaka kumi wanaweza, tukiwapa muda na skripti fupi kama ya Mtafsiri. Nyie mmezoea urahisi.

Ng'wana wa Magu
Fundi, nimekusoma vizuri. Akija dada wa Magu kwenye usaili wako, ananong'ona vizuri, unamwona mtoto kichwani, ila r yake ni l. Unamchukua?

Fundi wa Maiki
Kama mtoto kwenye hadithi ametoka kwetu Kanda ya Ziwa, namchukua mbio. Huyu ni mtoto wa Istanbul, familia nzima inaongea Kiswahili cha aina moja. Yeye peke yake akitofautiana, mtazamaji atatafuta sababu ambayo hadithi haina.

Ng'wana wa Magu
Kwa hiyo Istanbul wanaongea Kiswahili cha Magomeni. Basi wapeni familia nzima cha Magu, tuone nani atazima televisheni.