Tunagawana nafasi moja nusu kwa nusu, lakini mwenzangu ananizidi siku mbili za likizo!

Wakuu, nimechoka na nina hasira, naomba mnisome hadi mwisho. Nipo Uingereza, nafanya kazi ya ofisi kwenye taasisi ambayo sitaitaja. Nafasi ni moja, tunaigawana wawili. Mwenzangu anashika Jumatatu, Jumanne na Jumatano asubuhi. Mimi naingia Jumatano mchana, Alhamisi na Ijumaa. Nafasi nzima ni saa 37.5 kwa wiki, kwa hiyo kila mmoja ana saa 18.75. Mshahara wa nafasi nzima ni pauni 28,000 kwa mwaka, kila mmoja anapata 14,000. Hapo sina neno.

Kinachoniumiza ni likizo. Mtu wa wiki nzima pale ana siku 25, na juu yake sikukuu 8 za kitaifa, ofisi inafungwa na mshahara unaingia. Jumla siku 33. Nusu yake ni 16 na nusu, hata mtoto wa darasa la tatu ataipata. Lakini watu wa utumishi wamegawa zile 25 tu, wakanipa 12 na nusu. Sikukuu wanasema ikiangukia siku yako unapumzika, isipoangukia basi, imekupita.

Sasa chukueni kalenda ya 2026. Mwaka Mpya ni Alhamisi, Ijumaa Kuu ni Ijumaa, Krismasi ni Ijumaa. Hizo tatu ni zangu. Zilizobaki zote ni Jumatatu: ya Pasaka, mbili za Mei, moja ya mwisho wa Agosti, na ile ya 26 Desemba ambayo imeangukia Jumamosi ikasogezwa Jumatatu tarehe 28. Tano za mwenzangu. Kwa hiyo yeye mwaka huu ana siku 17 na nusu, mimi 15 na nusu. Kazi ile ile, dawati lile lile, mshahara ule ule! Na si bahati mbaya ya mwaka mmoja, maana sikukuu nne za huku ni Jumatatu kila mwaka.

Nimewaandikia. Jibu lao: "Likizo yako iko juu ya kiwango cha chini cha sheria." Kweli sheria inadai wiki 5.6, na kwa mtu wa siku mbili na nusu hiyo ni siku 14. Lakini mimi sikuuliza kiwango cha chini! Nimeuliza kwa nini wenzangu wa wiki nzima wanapata 33 na mimi sipati nusu ya hizo.

Halafu kuna makabidhiano ya Jumatano. Saa zangu na za mwenzangu zikijumlishwa zinajaa 37.5 kamili, hakuna hata dakika moja iliyotengwa ya kukabidhiana kazi. Lazima mmoja awahi au mwingine achelewe kutoka, na muda huo haulipwi.

Kijana wa Tandale:
Dada pole, ila huna kesi. Huku hakuna sheria inayomlazimisha bosi akupe sikukuu. Ni mkataba tu ndio unaotoa. Mkataba ukisema "ikiangukia siku yako", umeshasaini, imeisha hiyo.

Mwalimu wa Jioni:
Afadhali wewe una cha kulalamikia. Mimi nafundisha chuo kimoja Dodoma, nalipwa kwa kipindi. Chuo kikifunga, silipwi. Sikukuu silipwi. Nasikia sheria ya kazi ya 2004 inatoa siku 28 za likizo, je na mimi zinanihusu au ni za walioajiriwa moja kwa moja tu?

Mhasibu wa Zamani:
Mwalimu, lako linahitaji uzi wake, weka na mkataba wako watu wauone.

Kijana, nusu ya uliyosema ni kweli. Haki ya kupumzika sikukuu haitoki kwenye sheria. Lakini mwajiri akishaamua kuwapa wa wiki nzima, hawezi kumpunja wa nusu wiki kwa sababu tu ni wa nusu wiki. Kuna kanuni za mwaka 2000 za kuwalinda watu hawa, na kusaini mkataba hakuziondoi.

Dada, nimefanya mishahara huku miaka mingi, nikwambie utakapokwama. Watakuletea kesi ya McMenemy dhidi ya Capita, iliyoamuliwa Skotlandi 2007. Jamaa alikuwa anafanya Jumatano hadi Ijumaa, akadai Jumatatu za sikukuu, akashindwa. Mahakama ilisema hakukosa kwa sababu ya nusu wiki, alikosa kwa sababu hafanyi kazi Jumatatu. Ila soma vizuri: pale kazi ilikuwa siku saba, na mtu wa wiki nzima mwenye zamu ya Jumanne hadi Jumamosi naye angekosa Jumatatu. Kwenu je, yupo wa wiki nzima asiyefanya Jumatatu?

Mwenye uzi:
Hakuna hata mmoja. Wote Jumatatu hadi Ijumaa, wikiendi tunafunga.

Mhasibu wa Zamani:
Basi hoja yako ina nguvu kuliko yake. Sisemi utashinda, ila si kesi ile ile. Anza na barua: ukiomba kwa maandishi sababu za kutendewa tofauti na mtu wa wiki nzima, wana siku 21 za kukujibu kwa maandishi. Taja mtu wa wiki nzima wa kazi kama yako, usimtaje mwenzako. Yeye naye ni wa nusu wiki, ukijilinganisha naye watakutoa mapema.

Na uwape njia. Ofisi nyingi zinaweka kila kitu chungu kimoja kwa saa: siku 33 mara saa 7.5 ni saa 247.5, nusu yake 123.75. Sikukuu ikiangukia siku yako, saa zake zinakatwa humo. Wewe mwaka huu utakatwa 22.5, utabaki na 101.25 za kupanga mwenyewe.

Mwenye uzi:
Nimepiga hesabu ya mwenzangu. Yeye atakatwa 37.5, atabaki na 86.25. Maana yake atashuka kutoka 17 na nusu hadi 16 na nusu. Mimi napanda siku moja, yeye anashuka siku moja. Hana kosa lolote, na ana watoto wadogo.

Shangazi Leicester:
Ndiyo maana mimi ningenyamaza. Mnagawana dawati, mkikosana nani atakukabidhi kazi Jumatano?

Mhasibu wa Zamani:
Omba wewe upandishwe na yeye abaki alipo mpaka mwaka uishe. Wanaweza kukataa.

Na kabla hujafunga barua, angalia pensheni. Kama wanachangia kwa kiwango cha chini, pauni 6,240 za kwanza za mshahara hazihesabiwi, na hiyo 6,240 haigawanywi kwa mtu wa nusu wiki. Asilimia 3 ya mwajiri kwa mshahara wa 28,000 ni pauni 652.80. Kwako ni 232.80, wakati nusu ni 326.40. Hilo ni halali, lakini wapo waajiri wanaochangia tangu pauni ya kwanza. Uliza wao wanafanyaje.

Mwenye uzi:
Nimetoa slipu sasa hivi. Mchango wa mwajiri kwa mwezi ni 19.40.

Mhasibu wa Zamani:
Mara 12 ni 232.80. Iweke kwenye barua, lakini kama ombi. Dai liwe likizo.

Mwenye uzi:
Sawa. Barua naipeleka wiki hii, ila kabla ya hapo namwambia mwenzangu kila kitu, na hesabu namwonyesha. Makabidhiano ya Jumatano hakuna aliyenijibu. Nani huku analipwa muda huo, na umeandikwaje kwenye mkataba wake?